Bajeti ya shirika lisilo la faida: kutenganisha pesa iliyofungwa na pesa huru, afu kuandika akiba bila kujidanganya

Kuna mwaka nlikuwa nasaidia shirika dogo kuandaa bajeti, tukaingia kwenye kikao cha bodi na karatasi moja safi kabisa, mapato juu matumizi chini, kila kitu kimejumlishwa. Dakika kumi hazijaisha mjumbe mmoja akauliza, benki si kuna 92,000, sasa hawa wachangiaji tunawasumbua wa nini? Mwenzake akaruka hadi laini ya mwisho, akakuta nakisi ya 31,000, akasema basi tupunguze watu mapema kabla hatujafa. Karatasi ile ile, mmoja kaona utajiri mwingine kaona msiba, na cha ajabu wote walisoma sawasawa kilichoandikwa, kosa lilikuwa letu tulioandika.

Hizo namba nimezizungusha na sitaji sarafu, weka ya kwako. Tutatembea na shirika hilo hilo mwanzo mpaka mwisho: lina mradi wa maji, lina mradi wa mafunzo kwa vijana, na lina ofisi yake yenye meneja, mhasibu, kodi na umeme.

Kwanza jua pesa ipi imefungwa, na nani kaifunga

Kanuni ni moja tu na watu wengi wanaikosea: anayefunga pesa ni aliyeitoa. Mfadhili akisema hii ni ya visima, imefungwa kwa kazi. Akisema hii ni ya kutumika mwaka ujao, imefungwa kwa muda. Kuna na ile ambayo mtaji wenyewe hauguswi milele, unatumia faida yake tu, ila mashirika madogo mengi hayana hiyo kwahiyo tuiache.

Bodi yenu ikikaa ikasema tutenge 10,000 za kukarabati ofisi, hiyo haijafungwa. Imetengwa. Manake bodi iliyotenga leo inaweza kukaa kesho ikabadili mawazo, wakati sharti la mfadhili hamuwezi kulifuta nyinyi wenyewe hata mpige kura mara ngapi, mpaka yeye akubali, na akubali kwa maandishi. Nimeona bajeti nyingi zinachanganya hivi viwili kwenye kolamu moja na hapo ndo akiba inaanza kupotea machoni, kwasababu pesa yenu wenyewe inaonekana kama ya mtu.

Sasa kaa chini na makaratasi. Fungua kila barua ya ruzuku, kila mkataba, na usiishie hapo, fungua na matangazo yenu ya kuchangisha. Mkitangaza "changia kisima" na watu wakatuma pesa kwa tangazo lile, pesa hiyo imefungwa kwa kisima hata kama hakuna mkataba wowote, tangazo lenu ndo mkataba. Upande wa pili, sharti lazima liwe jembamba kuliko kazi nzima ya shirika. Kama shirika lenu linafanya maji tu na mtu kaandika "kwa ajili ya kazi yenu ya maji", huyo kawaachia mikono huru, usimfungie pesa ambayo yeye hakuifunga. Kwa shirika letu hili lenye miradi miwili, maneno hayo hayo ni sharti.

Ada za uanachama ni huru. Pesa ya kukodisha ukumbi ni huru. Mchango ambao mtu katuma bila neno lolote ni huru pia.

Kwa kila mkataba andika vitu vinne kwenye shiti moja: pesa ni ya kazi gani, inaisha lini, inaruhusu kiasi gani kuchangia gharama za ofisi, na ikibaki inarudishwa au inabebwa kwenda mwaka mwingine. Hicho cha nne ukikiruka utakuja kujuta mwezi wa mwisho wa mradi.

Halafu gawa salio la kuanzia, kabla hujagusa mapato

Watu wakianza bajeti wanakimbilia mapato ya mwaka ujao. Anza na ulichonacho mkononi siku ya kwanza ya mwaka, afu ukigawe kina nani wenyewe.

Shirika letu siku hiyo lina 92,000 benki. Lina kiwanja kilichonunuliwa 22,000, kwa pesa huru ya zamani. Lina bili hazijalipwa za 3,000, nazo ni za ofisi. Kwahiyo mali halisi, ukishatoa deni, ni 111,000.

Kati ya hizo, Maji wana 46,000 ambazo mfadhili alituma mwezi wa mwisho wa mwaka uliopita kwa ajili ya kazi ya mwaka huu. Mafunzo wana 9,000 zilizobaki. Jumla iliyofungwa ni 55,000. Inayobaki, 56,000, ndo ya shirika lenyewe.

Hapa yule mjumbe wa kwanza keshajibiwa nusu. Kwenye ile 92,000 ya benki, 55,000 si zenu, mmeshikishwa tu. Toa na bili 3,000, inabaki 34,000.

Kitu kimoja cha kihasibu nikitaje hapa manake kitakuletea ubishi na mkaguzi. Kama mkataba unasema pesa isiyotumika irudishwe, mara nyingi hiyo inaandikwa kama deni, mapato yaliyoahirishwa, haiingii kabisa kwenye mali halisi. Muulize mkaguzi wako mnatumia njia gani. Kwenye bajeti matokeo ni yale yale kwa swali letu, ikiandikwa deni au ikiandikwa mfuko uliofungwa, haihesabiwi kwenye akiba.

Na majina nayo yasikuchanganye. Marekani mpaka 2016 walikuwa na makundi matatu, zisizofungwa, zilizofungwa kwa muda na zilizofungwa milele, afu bodi yao ya viwango vya uhasibu, FASB, ikayafanya mawili tu: zenye masharti ya mtoaji na zisizo na masharti ya mtoaji. Waingereza wao wana neno lao la zile zilizotengwa na bodi, ila zinakaa ndani ya kundi la huru. Ukiangalia, kote msumari ni ule ule, je aliyetoa kafunga au hajafunga.

Chora kolamu

Kila mfuko uliofungwa unapata kolamu yake, pesa huru inapata moja, mwishoni jumla. Usiweke kolamu moja ya "miradi" ukarundika yote humo, kwasababu ziada ya Maji haiwezi kuziba tundu la Mafunzo, ila kwenye kolamu ya pamoja itaonekana inaziba.

| | Huru | Maji | Mafunzo | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Salio la kuanzia | 56,000 | 46,000 | 9,000 | 111,000 |
| Mapato ya mwaka | 70,000 | 80,000 | 30,000 | 180,000 |
| Gharama za moja kwa moja za miradi | 5,000 | 90,000 | 36,000 | 131,000 |
| Ofisi na utawala | 72,000 | – | – | 72,000 |
| Uchangishaji | 8,000 | – | – | 8,000 |
| Mchango wa miradi kwa ofisi | (12,000) | 9,000 | 3,000 | 0 |
| Jumla ya matumizi | 73,000 | 99,000 | 39,000 | 211,000 |
| Ziada au (nakisi) | (3,000) | (19,000) | (9,000) | (31,000) |
| Salio la mwisho | 53,000 | 27,000 | 0 | 80,000 |

Mapato huru ya 70,000 ni michango ya watu 38,000, ada za wanachama 12,000 na kukodisha ukumbi 20,000.

Sasa isome taratibu. Ile nakisi ya 31,000 iliyomtisha mjumbe wa pili, 28,000 yake ni Maji na Mafunzo wanatumia pesa ambayo ilishaingia mwaka jana, hakuna tatizo hapo, ndo ilivyopangwa. Na ndo maana mwaka jana karatasi ya jumla ilionyesha ziada nono na watu wakapongezana, kumbe ilikuwa pesa ya mfadhili iliyofika mapema tu. Nakisi ya kweli, ile ya kuzungumzwa kwenye kikao, ni 3,000 kwenye kolamu ya huru. Haiui mtu ila inatoka kwenye akiba, na bila kolamu hizi hakuna ambaye angeiona, imefunikwa kabisa na ile kubwa.

Ukipewa bajeti ya shirika lolote na una dakika moja, angalia kolamu ya huru tu, laini ya ziada au nakisi. Hizo nyingine zinakwambia miradi iko kwenye ratiba au haiko, hii ndo inakwambia shirika linaishi au linajila.

Mchango wa miradi kwa ofisi, hapa ndo watu wanajichanganya

Angalia laini ile yenye mabano. Maji mkataba wao unaruhusu asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja kuchangia ofisi, 90,000 inatoa 9,000. Mafunzo mfadhili kakubali 3,000 tu. Hizo 12,000 zinatoka kwenye kolamu za miradi kama gharama, afu zinapunguza gharama kwenye kolamu ya huru, na kwenye jumla zinakuwa sifuri. Lazima ziwe sifuri. Zisipokuwa sifuri umehesabu kodi ya ofisi mara mbili, moja kwa mradi na nyingine kwa shirika, na hilo mkaguzi wa mfadhili akilikuta anaita kulipisha mara mbili na pesa utairudisha.

Kosa la upande wa pili ni kuziandika hizo 12,000 kama mapato huru. Hesabu ya mwisho haibadiliki ila mapato ya shirika yanavimba, unaonekana unaingiza 192,000 wakati pesa iliyotoka nje kuja kwako ni 180,000. Ziandike kama punguzo la gharama.

Kuna ile 5,000 nayo iliyokaa kwenye kolamu ya huru, gharama za moja kwa moja. Hiyo ni Mafunzo. Mradi kiukweli unagharimu 41,000 uwanjani na mfadhili analipa 36,000, zilizobaki shirika linajazia mfukoni. Wengi wanaificha hii kwenye laini za ofisi, mafuta huku, posho kule, kwa kuona aibu au kwa kutojua. Mimi nasema iweke wazi iwe na laini yake, kwasababu ukiweka 5,000 hiyo karibu na nakisi ya 3,000 mtu yeyote anaona nakisi imetoka wapi. Ndo kitu tulichokuja kukitumia, ntafika.

Upande wa kutunza vitabu, huhitaji programu ya bei mbaya. Kila muamala kwenye daftari la eksel uwe na kolamu ya msimbo wa mfuko, tuseme kolamu C ina HURU au MAJI au MAFUNZO, na kolamu E ina kiasi, kinachoingia chanya kinachotoka hasi, na salio la kuanzia la kila mfuko liwe mistari ya mwanzo kabisa. Salio la mfuko muda wowote ni hii:

```
=SUMIFS(E:E,C:C,"MAJI")
```

Muamala usio na msimbo usikubaliwe kuingia, hata wa risiti ndogo. Manake ikipita wiki mbili hakuna anayekumbuka mafuta yale yalikuwa ya nani, na mtu akilazimika kukisia huwa anakisia upande wenye pesa.

Akiba: toa mpaka ubaki na ile unayoweza kuishika kesho asubuhi

Kolamu ya huru inaanza na 56,000. Hiyo bado sio akiba, na hapa hata mashirika makubwa yanateleza, yanaandika "akiba yetu ni 56,000" kwasababu ndo namba ya mizania. Toa kiwanja 22,000, hakuna mfanyakazi atakayekubali kulipwa kipande cha kiwanja. Kama mngekuwa na jengo lenye mkopo ungetoa thamani ya jengo ukishapunguza mkopo wake. Toa na zile 10,000 bodi ilizotenga kwa ukarabati.

56,000 kutoa 22,000 kutoa 10,000, inabaki 24,000. Hiyo ndo akiba huru.

Kuhusu zile zilizotengwa kuna ubishi, wengine wanasema zibaki ndani ya akiba kwasababu bodi inaweza kuzirudisha. Ni kweli inaweza. Ila mimi nazitoa afu nazionyesha kwenye mstari wake, msomaji azione aamue mwenyewe. Na bodi ikitenga iandike ni za nini, kiasi gani na zitatumika lini, manake nimekutana na pesa "iliyotengwa kwa maendeleo" miaka na miaka bila kuguswa, hiyo ilikuwa njia ya kuficha akiba ili wafadhili wasione shirika lina pesa, na mfadhili mzoefu anaigundua kwenye ukurasa wa kwanza.

Sasa 24,000 ni nyingi au kidogo? Watu wanapenda kuipima kwa miezi, nayo ni sawa, ila unagawa kwa nini? Hapa namba inaweza kucheza ngoma yoyote unayoipigia.

Ukichukua benki yote 92,000 ukagawa kwa matumizi yote ya mwezi, ambayo ni 211,000 gawa kwa 12, unapata miezi 5.2. Tamu, na ni uongo mtupu, juu umeweka pesa za watu.

Ukichukua akiba huru 24,000 ukagawa kwa hayo hayo matumizi yote, unapata mwezi 1.4. Hii ni kali mno, kwasababu ruzuku ya Maji ikikatika na uchimbaji wa visima unasimama, hutalipa mafundi kwa akiba yako.

Ukigawa kwa jumla ya kolamu ya huru, 73,000 kwa mwaka, unapata 3.9. Karibu, ila ina mtego: ile 73,000 ishapunguzwa 12,000 zinazotoka kwenye miradi. Siku ruzuku ikikatika mchango wa ofisi unakatika siku hiyo hiyo, wakati mwenye nyumba bado anataka kodi kamili.

Kwahiyo mimi nachukua gharama za ofisi na uchangishaji kabla ya punguzo, 72,000 na 8,000, jumla 80,000 kwa mwaka. Ile 5,000 ya kujazia Mafunzo siiweki, mradi ukifa nayo inakufa. Mwezi unakuwa 6,667 hivi, na 24,000 inatosha miezi 3.6. Fomula kwenye shiti, B2 ikiwa salio huru, B3 kiwanja na mali nyingine, B4 zilizotengwa, B5 gharama za mwaka:

```
=(B2-B3-B4)/(B5/12)
```

Utakayochagua iandike kwa maneno pembeni ya namba, na usiibadilishe mwaka ujao ili ionekane nzuri. Ukibadilisha, onyesha na mwaka uliopita kwa njia mpya.

Lengo la akiba litoke kwenye hofu zenu halisi

Miezi mitatu, miezi sita, utaisikia kila mahali, na ukiuliza kwanini mitatu hakuna anayejua. Njia inayokubalika mbele ya bodi ni kuorodhesha mambo yanayoweza kutokea kweli na kila moja lina bei gani.

Kwetu yalikuwa matatu. Mfadhili wa Maji anashikilia awamu ya mwisho 8,000 mpaka ripoti ikubaliwe, na kazi inakuwa ishafanyika, kwahiyo shirika linamkopesha. Michango ya watu binafsi ikishuka kwa robo, 38,000 inapoteza 9,500. Na ikibidi kufunga ofisi kistaarabu, notisi ya kodi na mafao ya wafanyakazi ni 10,500. Jumla 28,000, ambayo ni kama miezi 4.2 kwa kipimo chetu.

Lengo 28,000, tulichonacho 24,000, na bajeti hii inaenda kuishusha hadi 21,000 kwasababu ya ile nakisi ya 3,000. Unaona sasa kikao kina kitu cha kuamua.

Iandike kwenye bajeti yenyewe, sio kwenye kiambatisho

Maelezo ya akiba yanakaa ukurasa ule ule wa jedwali, chini yake. Yetu yalisomeka hivi, chukua ubadilishe:

"Mwanzoni mwa mwaka shirika lina mali halisi ya 111,000. Kati ya hizo 55,000 zimefungwa na wafadhili (Maji 46,000, Mafunzo 9,000) na haziwezi kutumika kwa kazi nyingine. Katika 56,000 zisizofungwa, 22,000 ni kiwanja na 10,000 bodi imezitenga kwa ukarabati wa ofisi utakaofanyika mwaka ujao. Akiba huru ni 24,000, sawa na miezi 3.6 ya gharama za ofisi na uchangishaji, ambazo ni 80,000 kwa mwaka. Lengo la bodi ni 28,000, kufidia kuchelewa kwa awamu ya ruzuku, kushuka kwa michango na gharama za kufunga. Bajeti hii ikitekelezwa ilivyo, akiba huru itakuwa 21,000 mwisho wa mwaka. Akiba inatumika kwa idhini ya bodi tu, na idhini ieleze itarudishwa lini na kwa chanzo gani."

Angalia ina nini: kiasi, imepatikanaje, lengo na sababu zake, inaelekea wapi, nani mwenye funguo. Ukikosa sentensi ya "inaelekea wapi" umeandika picha ya jana. Na kama akiba yako imezidi lengo, sema pia, na useme mtaifanyia nini, kwasababu mchangiaji akiona pesa imekaa bila maelezo atapeleka yake kwingine.

Kipimo cha kila mwezi

Bajeti inaweza kuwa safi na bado pesa iliyofungwa ikaliwa katikati ya mwaka, na mara nyingi hailiwi kwa wizi. Mshahara umefika, michango imechelewa, akaunti ni moja, mtu analipa akisema ntarudisha. Kila mwisho wa mwezi fanya hesabu hii: chukua benki, toa bili zinazodaiwa, toa masalio ya mifuko yote iliyofungwa. Jibu likiwa hasi, mmeshakula pesa ya mfadhili.

Tuseme mwezi wa saba benki kuna 41,000, bili 2,000, mfuko wa Maji una 38,000 na Mafunzo 8,000. 41,000 kutoa 2,000 kutoa 46,000 ni hasi 7,000, na watu hapa huwa wanashtuka kwasababu benki inaonyesha 41,000 na hakuna bili iliyogonga mwamba. Saba elfu za visima zimekuwa kodi na mishahara. Na zile 10,000 za ukarabati? Zilishaisha zamani, zimebaki kwenye karatasi tu. Dalili za mapema zipo kabla hata ya hesabu: kazi ya mradi inasogezwa mbele "tukisubiri" wakati pesa yake iliingia, au mhasibu anasubiri ruzuku mpya ifike ndo alipe fundi wa ruzuku ya zamani.

Akaunti tofauti ya benki kwa kila mfuko inasaidia nidhamu, na kuna wafadhili wanailazimisha, ila haichukui nafasi ya msimbo kwenye daftari. Nimeona akaunti sita na bado hakuna anayejua nini ni cha nani, kwasababu walikuwa wanahamishiana bila kuandika.

Ruzuku za kutumia kwanza ndo urejeshewe zinageuza mambo. Salio la mfuko linakuwa hasi na hilo ni halali, ila maana yake pesa huru inaukopesha mradi. Kwenye kipimo cha mwezi usiujumlishe mfuko hasi pamoja na mingine, utapunguza deni lako kwa wafadhili wengine ambao hawahusiki. Hesabu ile mifuko chanya tu. Na kama kiasi cha juu mnachokopesha kinakaribia akiba huru, hiyo ruzuku ni kubwa kuliko nyinyi, ombeni awamu ya kwanza mapema kabla ya kusaini.

Kikao kiliishaje

Tulirudi wiki mbili baadaye na kolamu na yale maelezo. Hamna aliyegusa habari ya kupunguza watu. Mjadala wote ulikaa kwenye ile laini ya 5,000 ya Mafunzo, na yule yule mjumbe wa nakisi akauliza, huyu mfadhili anajua kwamba tunamchangia mradi wake? Hakuwa anajua, hatukuwahi kumwambia. Meneja akamwandikia na jedwali la gharama halisi, 41,000 na sio 36,000, akakubali kuongeza 3,000, sio zote. Mapato ya Mafunzo yakawa 33,000, matumizi ya kolamu hiyo 42,000, pengo kwenye kolamu ya huru likashuka hadi 2,000, matumizi huru yakawa 70,000 sawasawa na mapato. Akiba ikabaki 24,000, bado pungufu ya lengo kwa 4,000, na bodi ikaandika kwenye muhtasari kwamba itaijaza kwa miaka miwili, 2,000 kila mwaka, kutoka kwenye kodi ya ukumbi.